Atakua Navyo

Huku Temeke viatu vya mtoto hununuliwa kwa kauli moja: "Chukua vikubwa, atakua navyo." Ni busara ya mifuko yetu, na mama mkwe wangu amelea watoto sita kwa busara hiyo. Binti yangu alipoanza kutembea, ilibidi tubishane kwa adabu.

Nilianza na karatasi sakafuni. Nilimsimamisha mtoto juu yake, kisigino kikigusa ukuta, kwa sababu mguu uliobeba mwili hutanuka kuliko ukipimwa amekaa. Nikaweka alama kwenye ncha ya kidole kirefu. Mguu uliozidi mwenzake ulikuwa na sentimita 12.2. Nikakata kipande cha boksi chenye sentimita 13.2, yaani mguu pamoja na sentimita 1 ya kukulia, nikaenda nacho soko la Tandika.

Kwenye mitumba namba haitoshi, maana viwanda vinatofautiana. Kwa hesabu ya Ulaya kila namba ni theluthi mbili za sentimita, hivyo namba 20 ni kama sentimita 13.3. Kipande changu kililala ndani yake bila kujikunja. Mama alishika namba 22. "Mama, hapo mbele patabaki wazi karibu sentimita mbili na nusu." Akajibu, "Si unaweka pamba?"

Pamba huziba nafasi, lakini haihamishi mahali kiatu kinapokunjia. Kiatu hukunja pale vidole vya mguu mkubwa zaidi vingeanzia. Mtoto anakunja mguu hapa, kiatu kinakunja kule mbele, ncha inakwaruza chini, anaanguka. Naye hukaza vidole ili kisimchomoke.

Basi nikapima mkunjo. Unashika kisigino, unasukuma ncha kwa kidole kimoja. Soli nzuri hukunja kirahisi pale vidole vinapoanzia. Ikigoma, huo ni ubao. Ikikunja katikati kama chapati, nayo haifai. Buti moja zuri la ngozi nililirudisha kwa uzito tu: mtoto anayejifunza kunyanyua mguu hahitaji mzigo wa kunyanyua. Nikageuza pia soli, kwa sababu mtumba ulioliwa upande mmoja wa kisigino unamlazimisha mtoto kuukanyaga kwa mwendo wa mwenye nacho wa kwanza.

Tulichukua namba 20, vya kitambaa, vyenye mkanda wa kubandika. Ni vya nje tu, kwenye vigae vilivyovunjika na mchanga wa saa saba mchana. Ndani anatembea peku, na vidole vinajifunzia sakafuni.

Hoja ya mama kuhusu pesa inabaki palepale. Umri huu mguu huongezeka kama milimita 1 na nusu kwa mwezi, kwa hiyo baada ya miezi minne hivi nafasi itakuwa nusu sentimita tu. Ndiyo maana nilinunua vya bei ndogo, na kila mwisho wa mwezi narudi kwenye karatasi.