Makro iliyosema "Imekamilika" kumbe haijafanya kitu

Nimepotea wiki nzima, najua. Niko huku shuleni kwenye TP, na aliyenikamata siyo wanafunzi bali ni faili la Excel.

Iko hivi. Mwalimu wa taaluma hapa ana faili lake la ripoti, .xls, alilotengenezewa na mtu zamani za Excel 2003. Walimu wa masomo 9 kila mmoja anaweka faili lake la alama kwenye folda ya Matokeo. Unabonyeza kitufe kimoja, makro inafungua yote 9, inasoma alama, inajaza wastani wa kila mtoto. Kompyuta ya zamani imekufa, imeletwa mpya yenye Excel 2021. Nikaitwa. "Kijana, nyie wa chuo ndio wenyewe, hebu tazama." Shikamoo mwalimu, nikavuta kiti.

Mwanzo ulikuwa mwepesi. Faili lilitoka kwenye barua pepe, kwa hiyo likaja na mstari mwekundu kwamba makro zimezuiwa, bila kitufe cha kuruhusu. Microsoft walianza zuio hilo 2022 kwa mafaili yanayotoka mtandaoni. Unafunga faili, unalibofya kulia, Properties, unaweka tiki kwenye Unblock. Ila hakikisha unamjua aliyelitengeneza! Halafu nikalihifadhi upya kama .xlsm. Ukichagua .xlsx, Excel inakuonya kidogo, ukikubali bila kusoma makro zote zinabaki nje.

Basi nikabonyeza kitufe. Kikatokea kisanduku: "Imekamilika". Wastani umejaa, nafasi zimepangwa, mwalimu anacheka. Akaanza kuandaa karatasi za kuchapa ripoti za Kidato cha Pili.

Kilichotuokoa ni mtoto mmoja aliyehamia muhula huu. Mstari wake ulikuwa mtupu kabisa. Nikafungua faili la Hisabati, alama zake zipo. Nikachukua ripoti ya muhula uliopita ya mtoto mwingine: wastani 61.4. Kwenye faili, 61.4. Wa pili, vilevile. Jamani! Tulikuwa tunatazama matokeo ya muhula uliopita. Makro haikufungua faili hata moja, namba za zamani zilikuwa zimekaa tu pale pale.

Nikabonyeza Alt+F11 nione ndani. Juu kabisa kulikuwa na hii:

```
On Error Resume Next
With Application.FileSearch
    .LookIn = "D:\Matokeo"
```

Mstari wa kwanza unaiambia makro: ukikwama, ruka, endelea. Nikauwekea alama ya ' mbele ili usifanye kazi, nikaendesha tena. Sasa ikasema ukweli: Run-time error '445', kwenye FileSearch. Kumbe FileSearch, kile kifaa cha kutafuta mafaili, kiliondolewa tangu Office 2007. Kubadilisha .xls kuwa .xlsm hakugusi maneno ya makro. Yanahamishwa yalivyo, hata yakiita kitu ambacho hakipo tena. Kila mstari ulishindwa, ukarukwa, mpaka ukafikiwa ule wa mwisho wa kuonyesha "Imekamilika". Huo hauhitaji FileSearch, ukafanya kazi vizuri tu.

Nikaweka Dir badala yake:

```
f = Dir("D:\Matokeo\*.xls*")
Do While f <> ""
    Workbooks.Open "D:\Matokeo\" & f
    ' soma alama, funga faili
    f = Dir()
Loop
```

Hapa nilipoteza saa nzima, nisiwafiche. FileSearch ilikuwa inarudisha njia nzima ya faili, D:\ mpaka mwisho. Dir inarudisha jina tu, kwa hiyo nilipoandika Workbooks.Open f peke yake ikagoma kwamba haioni faili. Lazima uunganishe folda na jina mwenyewe. Na ile nyota ya mwisho kwenye *.xls* ni kwa sababu walimu wengine wameshaanza kuleta .xlsx.

Kabla ya kujaribu nilifuta safu yote ya wastani, ili nikiona namba nijue imeandikwa sasa hivi. Zikajaa. Mtoto mgeni akapata 57.2. Yule wa 61.4 ameshuka hadi 48.9, na mama yake angeletewa ripoti nzuri ya uongo.

Tumechapa Ijumaa jioni, jenereta ikinguruma. Mwalimu kanipa soda na faili jingine, la stoo ya vitabu. Nimefungua Alt+F11, nikatafuta FileSearch kwa Ctrl+F: ipo mara 2. Na On Error Resume Next iko juu yake.

Nalala wadau, kesho nina kipindi cha kwanza.