Si wewe mjinga, ni dirisha tu

Wasee, tuongee ukweli. Watu wengi wanaoanza kujifunza programu kwa laptopu ya Windows huamini kichwa chao ndicho kibovu. Jamaa kwa video anaandika amri, yake inakubali. Wewe unaandika ile ile, herufi kwa herufi, unatupiwa maandishi mekundu. Ukienda kuuliza, unaambiwa ununue MacBook. Na pesa ni za nani?

Mimi nasema hivi: video nyingi za wanaoanza zimerekodiwa kwa Linux ama Mac, na amri za hizo mbili zinafanana sana. Wewe uko kwa PowerShell, ambayo ina lugha yake. Kinachokuchanganya zaidi ni kwamba zinafanana nusu. Ukiandika `ls` kwa PowerShell, inakubali, kwa sababu Microsoft waliipa amri yao jina hilo la pili. Halafu mwalimu anaandika `ls -la`, na yako inakataa. Anaandika `touch app.py`, yako inasema haijui `touch` ni nini. Hapo ndipo mtu hufunga laptopu aende TikTok.

Dawa iko ndani ya hiyo Windows yako, na ni ya bure. Inaitwa WSL, na inakuwekea Linux kamili bila kufuta chochote. Inahitaji Windows 11, ama Windows 10 ambayo si ya zamani sana. Tafuta PowerShell kwa menyu ya Start, bonyeza kulia, chagua "Run as administrator", kisha andika:

```
wsl --install
```

Inapakua mamia ya megabaiti, kwa hivyo tafuta Wi-Fi, usichome bando. Ikimaliza, chagua Restart kwa menyu ya Start, kisha fungua Ubuntu. Itakuuliza jina na paswadi. Ukiandika paswadi hutaona hata nukta moja. Haijakwama, Linux huificha tu. Andika, bonyeza Enter, endelea.

Ikikataa kuwaka na kulalamika kuhusu "virtualization", fungua Task Manager, enda Performance, halafu CPU. Ukiona "Virtualization: Disabled", itabidi uingie BIOS laptopu ikiwaka na uiwashe huko. Kwa Intel huitwa Intel Virtualization Technology ama VT-x, kwa AMD ni SVM.

Sasa tujaribu somo moja la Python, ndani ya Ubuntu:

```
sudo apt update
sudo apt install python3-venv
mkdir ~/somo
cd ~/somo
python3 -m venv venv
source venv/bin/activate
```

Ukiona `(venv)` mwanzoni mwa mstari, uko sawa na mwalimu. Huo mstari wa mwisho ndio huangusha wengi. Venv ikitengenezwa na Python ya Windows haina folda ya `bin`, inayo `Scripts`, na PowerShell haina hata amri ya `source`. Yaani ungekaa hapo usiku kucha ukitafuta kosa ambalo si lako.

Kitu cha mwisho, na hiki ndicho wengi hawaambiwi. Sasa una nyumba mbili kwa kompyuta moja. Nyumba ya Linux ni `/home/jina-lako`, na `~` ndiyo njia yake ya mkato. Nyumba ya Windows inaonekana kupitia `/mnt/c`. Ukianzisha WSL kutoka PowerShell, mara nyingi utajikuta umesimama upande wa Windows. Andika `pwd` ujue uko wapi. Ikianza na `/mnt/c`, andika `cd ~` urudi nyumbani kabla ya kuanza kazi. Ukiweka mradi wako huko `/mnt/c`, utafanya kazi lakini polepole, maana kila faili inavuka mpaka. Ukitaka kuona faili zako kwa madirisha ya kawaida, andika `explorer.exe .` na usisahau hiyo nukta.

Sitawadanganya kwamba haina gharama. WSL ikiwa wazi inaweza kuchukua hadi nusu ya RAM yako. Kwa laptopu ya GB 4, hiyo na Chrome yenye tabu ishirini, utasikia feni ikilia. Ukimaliza kusoma, funga kazi zako, rudi PowerShell na uandike:

```
wsl --shutdown
```

RAM inarudi, faili zako zinabaki. Kwa hivyo mtu akikwambia programu ni za wenye MacBook, mwonyeshe hiyo `(venv)` yako. Na kama yako imekataa mahali, andika hapo chini mstari ule mwekundu unasema nini, mzima, si "imekataa" tu.