Kinanuka Karatasi, Basi ni Pamba?

Dada zetu, sisi washonaji kabla ya kununua jora huchoma uzi wake kwanza. Pamba ikiungua hunuka karatasi na kuacha jivu laini. Muuzaji anawasha kiberiti, kitambaa kinanuka karatasi, anatuambia: "Mmeona? Pamba tupu!"

Hoja inaonekana sawa, lakini ina tundu. Tunachojua ni kwamba pamba hunuka karatasi. Hatujaambiwa kwamba kila kinachonuka karatasi ni pamba. Reyoni nayo hunuka vivyo hivyo, kwa sababu hutengenezwa kwa miti.

Moto unafaa zaidi kukataa. Uzi ukiyeyuka na kuacha kidonge kigumu, tuna hakika si pamba tupu, maana pamba haiyeyuki.

Kwa reyoni tunatumia maji. Tunachomoa nyuzi mbili za upande mmoja, tunalowesha mmoja, kisha tunazivuta zote. Uliolowa ukikatika upesi kuliko mkavu, jora tunalirudisha kwa muuzaji, kwani pamba haidhoofiki ikilowa. Mteja aliyetupa pesa ya pamba kwa gauni la Idi ametukabidhi amana, na harufu peke yake haitoshi kuitimiza.