Mwezi Huandama, Sikukuu Hutangazwa

Katika wiki ya pili ya mwezi wa Juni 2024, mpwa wangu alinipigia simu jioni. Baada ya shikamoo na marahaba, aliingia moja kwa moja katika lililomsumbua. Yeye ni karani wa zamu katika ghala moja la bidhaa. Kazi yake ni kuandika nani ataingia siku gani, na karatasi yake ndiyo inayotazamwa na mhasibu siku ya mishahara. Alikuwa amefika Jumatatu, tarehe 17 Juni, na kalamu ikasita.

"Mjomba," akasema, "nimefungua tovuti nne za kalenda. Ya kwanza inasema Idd ya kuchinja ni Jumapili tarehe 16. Ya pili inasema ni Jumatatu tarehe 17, lakini imeweka kinyota kwamba huenda ikabadilika. Ya tatu inasema ni Jumapili, ila kwa kuwa ni Jumapili mapumziko yamesogezwa Jumatatu. Ya nne inasema ni sikukuu ya Waislamu peke yao. Niandike nini?"

Swali lake lilikuwa na watu ndani yake. Katika zamu hiyo alikuwamo mama mmoja Mkristo, mwenye watoto wawili, anayelea peke yake. Ikiwa siku hiyo ni sikukuu ya wote, ana haki ya kupumzika, na akiitwa kazini astahili ujira wa sikukuu. Ikiwa ni ya Waislamu pekee, asipofika atahesabiwa mtoro na kukatwa mshahara. Karani akikosea, atakayelipia kosa si karani.

Nilimwambia asiandike kitu kwanza, na asifungue tovuti ya tano. Nilikuwa na sababu ya kusema hivyo, nayo ilinigharimu nauli.

Mwaka 2021, tarehe 10 Oktoba iliangukia Jumapili. Siku hiyo ina historia ya majina: ilikuwa Siku ya Moi, ikaja kuitwa Utamaduni, na leo ni Siku ya Mazingira. Kalenda niliyoitazama iliweka alama kwenye Jumapili na kuiacha Jumatatu nyeupe. Nami nikaamini weupe ule. Nikapanda gari alfajiri ya Jumatatu na bahasha ya karatasi za pensheni kwapani, nikafika kwenye ofisi iliyofungwa kwa kufuli. Mlinzi alinitazama kwa huruma, akaniuliza kwa upole: "Mwalimu, leo si sikukuu?"

Niliporudi nyumbani ndipo nilipoisoma sheria yenyewe kwa mara ya kwanza, mimi niliyewahimiza wanafunzi miaka yote wasome kitabu badala ya muhtasari wa kitabu. Ni Sheria ya Sikukuu za Umma ya Kenya, Sura ya 110. Ni fupi kuliko mashairi mengi tuyachapishayo hapa. Mwishoni ina jedwali lenye sehemu tatu. Sehemu ya Kwanza ina sikukuu za watu wote: Mwaka Mpya, Ijumaa Kuu, Jumatatu ya Pasaka, Leba Dei, Madaraka, Idd-ul-Fitr na nyinginezo. Sheria inasema kwamba siku ya sehemu hii ikiangukia Jumapili, basi siku inayofuata, ambayo si sikukuu tayari, ndiyo inayokuwa sikukuu, na Jumapili ile inaacha kuwa sikukuu. Jumatatu ya kufuli langu ilikuwa imeandikwa miaka mingi kabla sijanunua tiketi.

Lakini twendeni taratibu hadi Sehemu ya Pili, maana humo ndimo mlimokuwa na jibu la mpwa wangu. Sehemu ya Pili ni ya watu wa dini ya Kiislamu, na ina siku moja: Idd-ul-Azha. Sehemu ya Tatu ni ya Wahindu, nayo ina Diwali. Kwa hiyo kwa mujibu wa jedwali, Idd ndogo ni mapumziko ya kila mtu, ilhali Idd kubwa ni mapumziko ya Waislamu. Idd kubwa huwa ya wote mwaka ambao Waziri anayehusika ameitangaza hivyo katika Gazeti Rasmi la Serikali.

Nilimsomea mpwa wangu maneno haya kwa simu, kisha tukazirudia zile tovuti nne. Kila moja ilikuwa imeshika kipande cha ukweli.

Iliyosema Jumapili ilifuata Makka. Huko mwezi wa Mfunguo Tatu ulianza Ijumaa tarehe 7 Juni, na kumi yake ikawa Jumapili tarehe 16. Iliyosema Jumatatu ilihesabu kwa mwezi uliochelewa siku moja: mosi Jumamosi tarehe 8, kumi Jumatatu tarehe 17. Kinyota chake kilikuwa cha haki, kwa kuwa aliyekipanga alijua kwamba hesabu hutangulia na macho huhukumu. Iliyosogeza Jumapili hadi Jumatatu ilichukua kanuni ya Sehemu ya Kwanza ikaivisha siku ya Sehemu ya Pili. Ilifikia tarehe ambayo ingeweza kuwa sahihi, lakini kwa njia isiyokuwapo. Nayo iliyosema ni ya Waislamu pekee ilikuwa imesoma jedwali na kuishia hapo, bila kungoja tangazo la mwaka.

"Basi tusubiri tangazo," akasema. Naam, na kwa Idd kubwa kusubiri si kugumu. Idd ya Mfunguo Mosi hujulikana usiku wa kuamkia, mwezi ukiandama. Lakini ya Mfunguo Tatu ni siku ya kumi, hivyo mwezi ukishaandama serikali ina zaidi ya wiki moja ya kuandika.

Siku chache kabla ya Idd, picha ya tangazo ilianza kuzunguka kwenye simu. Mpwa wangu aliniletea, akiwa na furaha ya mtu aliyevuka mto. Nikamwambia bado. Picha ni picha. Hata mwanafunzi wangu wa kidato cha pili angeweza kuichora nembo. Tukafungua tovuti ya Kenya Law, kenyalaw.org, mahali yanapowekwa matoleo ya Gazeti. Kwa kawaida Gazeti hutoka kila Ijumaa, lakini jambo la haraka hutolewa katika toleo maalumu siku yoyote, na matangazo ya sikukuu mara nyingi huwa humo. Anayetafuta toleo la Ijumaa pekee huweza kusema "halipo" kumbe alitazama rafu isiyo yake.

Hapo likaja tatizo ambalo wapenzi wa lugha watalifurahia. Mpwa wangu aliandika kwenye kisanduku cha kutafutia Eid al-Adha, na hakupata kitu cha maana. Gazeti la Kenya halitumii tahajia hiyo. Sheria imeandika Idd-ul-Azha, kwa ile z iliyopitia Bara Hindi, na matangazo ya karibuni huandika Idd-ul-Adha. Neno moja la Kiarabu limepita bandari tatu na kila bandari imelipiga chapa yake. Nilimshauri atafute jina la sheria, Public Holidays Act, kwa sababu kila tangazo la namna hii hutanguliwa na jina hilo, sikukuu iwe imeandikwa kwa herufi zozote.

Tulipolipata tulilisoma kama nilivyokuwa nikisoma insha za mtihani, neno kwa neno. Kwanza, juabu ya toleo: mwaka na namba ya juzuu, ambayo kwa 2024 ni CXXVI, yaani juzuu ya 126. Pili, namba ya tangazo, ambayo lazima ifuatane na namba za matangazo jirani. Tatu, sheria inayotajwa kuwa chanzo cha mamlaka. Nne, siku na tarehe: je, Jumatatu iliyoandikwa ni kweli tarehe 17 katika kalenda ya mwaka huo? Matangazo ya bandia hujikwaa hapa mara nyingi, kwa sababu mwongo hunakili tangazo la mwaka jana na kubadilisha tarehe, akasahau jina la siku. Tano, jina na cheo cha aliyetia saini.

Kisha nikamwomba asome kitenzi. Tangazo halisemi kwamba Idd ni Jumatatu. Linasema kwamba Jumatatu, tarehe 17 Juni 2024, itakuwa sikukuu ya umma kwa ajili ya kuadhimisha Idd. Tofauti ni kubwa. Waziri hakuuandamisha mwezi. Hana uwezo huo. Wapo Waislamu nchini wanaofuata Makka ambao Idd yao ilikuwa Jumapili, na tangazo halikuwakosoa wala kuwasahihisha. Lilichofanya ni kufunga milango ya ofisi na kumpa kila mwajiriwa, wa dini yoyote, haki ya siku hiyo.

Lugha yetu imetubana kidogo hapa. Kitenzi "kutangaza" tunakitumia kwa mambo mawili: kuarifu jambo lililokwisha kuwa, na kuliumba jambo kwa kulitamka. Mtangazaji wa redio anatangaza matokeo ya mpira, hakuyafanya yeye. Waziri anatangaza sikukuu, na kabla ya kutamka haikuwapo. Tovuti za kalenda hutangaza kwa maana ya kwanza. Gazeti hutangaza kwa maana ya pili. Sijapata neno moja la Kiswahili litakalozitenga maana hizi bila maelezo. Mwenye nalo na anifunze. Vivyo hivyo "sikukuu" na "mapumziko": Jumapili ile ilikuwa sikukuu kwa wengine bila mapumziko ya kisheria, na Jumatatu ikawa mapumziko kwa wengine ambao hawakuwa na sikukuu.

Mpwa wangu aliandika karatasi yake jioni hiyo. Kwenye safu ya Jumatatu aliandika sikukuu ya umma, na chini yake, kwa wino wa kalamu, namba ya tangazo. Msimamizi alipouliza kwa nini yule mama hayumo, na kalenda ya ukutani imeonyesha Idd ni Jumapili, alioneshwa namba. Aliitafuta mwenyewe, akaikuta, na mazungumzo yakaishia hapo.

Mama yule hakujua lolote kuhusu majedwali wala tahajia. Alikaa nyumbani Jumatatu na wanawe, na mwisho wa mwezi mshahara wake ulikuwa mzima.