Ufuta Umeondoka, Hela Iko Wapi? Barua ya Mama wa Chemba Iliyomkalisha Katibu Kitini

Haya wadau, wenye ndugu wanaolima, sogeeni hapa.

Kuna mama mmoja huko Chemba, Dodoma. Mwezi wa sita alipeleka ufuta wake AMCOS, magunia sita, kilo 430 kwenye mzani. Akapewa karatasi yake, akarudi nyumbani anahesabu. Bei ikatangazwa: baada ya makato, mkulima anabaki na shilingi 3,000 kwa kilo. Yaani 1,290,000. Mwezi wa saba ukapita, wa nane ukapita, kimya. Vibarua wa palizi wanamdai, na mwenye trekta kashamwambia mvua zikikaribia atawahi wenye hela mkononi.

Barua ya kwanza aliiandika kwa uchungu. Kurasa mbili nzima: watoto, madeni, "viongozi mtuonee huruma". Jibu alilopata ni la mdomo, "Mama vumilia, hela ipo njiani." Ni jibu ambalo halimfungi mtu kwa lolote, kwa sababu barua yenyewe haikuuliza kitu kinachojibika.

Hapa inabidi ujue hela ya stakabadhi ghalani inavyotembea. AMCOS inakusanya mazao ya wakulima na kuyapeleka ghala kuu. Mwenye ghala anapima tena na kutoa stakabadhi. Mzigo unapigwa mnada, mnunuzi anaingiza hela benki, ndipo anapewa kibali cha kutoa mzigo. Hela inashuka hadi AMCOS, na AMCOS inatuma orodha ya majina benki ili kila mkulima aingiziwe kwenye akaunti yake.

Umeona ujanja ulipo? Mzigo hautakiwi kutoka ghalani kabla mnunuzi hajalipa. Kwa hiyo swali la kwanza sio "mtanilipa lini", ni "ufuta wangu bado upo ghalani?" Kama upo, tatizo ni mnunuzi. Kama umeshaondoka, basi hela ililipwa, na imekwama kati ya ofisi na benki.

Kijana wa jirani, aliyemaliza fomu foo, akamsaidia kuandika upya. Barua ya pili ilikuwa nusu ukurasa tu. Juu, jina kama lilivyo kwenye kadi ya benki na namba ya uanachama. Chini yake: "YAH: MALIPO YA UFUTA KILO 430". Halafu tarehe ya kupeleka, namba ya karatasi ya mzani, na maswali manne:

1. Mzigo wangu uliuzwa mnada wa tarehe ngapi?
2. Je, umeshatoka ghalani?
3. Hela iliingia akaunti ya chama lini?
4. Je, jina langu lilipelekwa benki, na kwa akaunti namba gani?

Mwisho akaomba ajibiwe kwa maandishi ndani ya siku 14. Nakala: Afisa Ushirika wa Wilaya. Alitoa kopi mbili, na hakuondoka ofisini mpaka ya kwake ikagongwa muhuri wa kupokelewa na tarehe. Katibu alitaka kuiweka tu mezani. Mama akamwambia kwa upole, "Mwanangu, nigongee tu, sina haraka." Akakaa.

Swali la nne ndilo lililofukua mambo. Kwenye orodha ya benki akaunti yake ilikuwa imeruka tarakimu moja. Benki ilishindwa kulipa, ikarudisha hela akaunti ya chama, na ikalala humo wiki tano bila mtu kumwambia. Baada ya siku tisa simu ikalia: 1,290,000 kamili.

Sasa usidhani karatasi yenye muhuri inafungua kila mlango. Msimu wa korosho wa 2018/2019 serikali ilitangaza kununua korosho yote kwa 3,300 kwa kilo, na wakulima wengi wa Mtwara na Lindi walisubiri miezi huku uhakiki ukiendelea. Pale hela ilikuwa haijashuka, na barua kwa katibu haiwezi kushusha hela ambayo haijafika. Ila inakuambia imekwamia wapi, na hapo unajua mlango wa kugonga. Chama kisipojibu, nenda kwa Afisa Ushirika, kisha kwa Mrajisi Msaidizi wa mkoa, ukiwa na ile kopi yenye muhuri. Na kwa watu wa Dodoma, makao makuu ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika yapo hapo hapo mjini.

Mama trekta kashalipia. Kinachomuuma ni kimoja: alipoomba aone orodha ya malipo yaliyorudi, jina lake halikuwa peke yake. Wenzake kadhaa bado wanaambiwa wavumilie.

Mdau, una mzee nyumbani anayesubiri hela ya mazao? Muulize kwanza, karatasi ya mzani anayo?