Pesa ya Mwaka Mmoja: Marekani na Nairobi

Wengi wetu tulioko Marekani, tukiwa na akiba ya kutumika ndani ya mwaka, tunaitia kwenye mfuko wa soko la fedha bila kusita, kisha tunawashauri ndugu zetu wa Nairobi wafanye vivyo hivyo. Jina ni moja, kilichomo ndani si kimoja. Mifuko mingi mikubwa ya huku imejaa dhamana za muda mfupi za serikali, na wastani wa muda wake hauruhusiwi kuzidi siku 60. Masharti yalikazwa baada ya Septemba 2008, pale mfuko wa Reserve Primary Fund, uliokuwa umeikopesha Lehman Brothers dola milioni 785, ulipoporomoka nayo na kipande cha dola moja kikashuka hadi senti 97. Kenya, mifuko hii huweka pesa nyingi kwenye amana za benki zilezile. Basi anayekimbia amana ya muda maalumu mara nyingi huirudia kupitia kwa meneja anayekata ada yake.

Kwa nini basi asiende benki moja kwa moja? Tuseme ana shilingi 600,000. Benki inampa asilimia 10 kwa mwaka: riba 60,000, na baada ya kodi ya zuio ya asilimia 15 anabaki na 51,000. Mfuko unaanza na asilimia 11 baada ya ada, ila riba sokoni zinashuka, kama zilivyoshuka Kenya tangu Agosti 2024, na kufikia mwisho wa mwaka unatoa 8. Atapata kama 48,500 baada ya kodi hiyohiyo. Benki imemzidishia 2,500 hivi. Lakini akihitaji pesa mwezi wa saba, mfuko utakuwa umeshampa kama 30,000 mkononi, ilhali benki inaweza kumnyima riba yote kwa kuvunja mkataba. Hilo ndilo swali lenyewe: unaijua tarehe ya matumizi, au unaikisia?

Wapo watakaosema benki ina bima. Ni kweli, lakini Kenya bima hiyo hukoma kwenye 500,000 kwa mteja katika kila benki, kwa hiyo sehemu ya hizo 600,000 iko wazi. Mwenye vipande vya mfuko hana kinga hiyo kabisa. Kinachomsaidia ni kwamba pesa imegawanywa kwenye benki kadhaa na inashikiliwa na mtunzaji asiye meneja. Kwangu mimi, ada ya chuo inayodaiwa Septemba iwekwe amana inayoiva Agosti, na pesa ya fundi, ambaye tarehe zake anazijua mwenyewe, ikae mfukoni, ikiombwa siku chache za kazi kabla. Na maagizo ya siku ya kuiva yaandikwe mapema, maana benki nyingi zisipoagizwa huifunga amana upya kwa muda uleule.