Kipimo cha Saa Nane Usiku

Neno "kawaida" ndilo lililoniponza.

Mzee alifika saa tatu na nusu usiku, kaletwa na mwanawe kwa gari la jirani kutoka Magugu. Pale kwetu Babati, mgonjwa wa Magugu humtambui kwa sura ila kwa mazungumzo: hata akiwa taabani atakuambia habari za mpunga. Huyu alikuwa na miaka hamsini na minane, mkulima, mvutaji wa sigara wa siku nyingi, na presha aliyokuwa anaimezea dawa pale anapokumbuka. Kifua kilianza kumbana saa mbili usiku akiwa anakula. Alidhani ni vidonda vya tumbo. Kamwa maziwa, maumivu hayakutulia, jasho likamtoka, mkono wa kushoto ukawa mzito.

Nilimpima ECG ndani ya dakika kumi. Nesi alipoanza kumbandika vile vibandiko kumi, sita kifuani na vinne kwenye mikono na miguu, mzee akakamata waya mmoja akauliza, "Binti, hiki ni kipimo cha umeme? Umeme huu huu wa Tanesko?" Nikamwambia hapana, mzee, mashine haikupi umeme, inausikiliza wako. Moyo kila unapopiga hutoa umeme mdogo mno, na umeme huo husambaa hadi kwenye ngozi. Mholanzi Einthoven, aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 1924 kwa kazi hiyo, aliwapima watu wakiwa wametumbukiza mikono na mguu kwenye ndoo za maji ya chumvi. Sisi tuna vibandiko tu. Mzee akacheka kidogo, akaachia waya.

Karatasi ikatoka safi. Mapigo sabini na nane kwa dakika, mistari imetulia mahali pake. Nikampa aspirini ya miligramu 300 aitafune, nikachukua damu saa nne kupima troponini. Jibu likaja: 0.02, na kwa mashine yetu chochote kisichozidi 0.04 hakina tatizo. Baada ya nusu saa nikarudia ECG. Bado safi. Maumivu nayo yalikuwa yamepungua.

Hapo ndipo nikasema nikiwa nimesimama mlangoni, nikiitwa kwa majeruhi wa bodaboda: "Mzee, ECG yako ni ya kawaida, na kipimo cha damu ni hasi. Tutarudia saa nane."

Niliporudi nilimkuta kavaa viatu. Mwanawe yuko nje anatafuta usafiri.

"Mzee, unaenda wapi?"

"Nyumbani, binti. Si umesema kawaida?"

Alikuwa na haki. Nilichokuwa nimesema na alichosikia vilikuwa vitu viwili. Mimi nilisema: picha ya dakika hii haionyeshi kitu. Yeye alisikia: moyo wako mzima, nenda zako. Na sehemu muhimu kuliko zote, ile ya kurudia saa nane, niliitupa mwishoni kama mtu anayeaga.

Nikavuta kiti nikakaa. Nikamuuliza, "Mzee, mfereji ukiziba kule juu, jaruba lako linanyauka saa hiyo hiyo?"

Akaniangalia kama nimemuuliza swali la mtoto. "Hapana. Maji yaliyomo yanadumu kwanza. Udongo una unyevu. Unaweza kupita asubuhi usione kitu. Ukirudi baadaye ndiyo unakuta majani yamejikunja."

"Basi na moyo ni hivyo hivyo."

Nikamweleza kuwa moyo wenyewe ni nyama, nayo hula damu kupitia mifereji yake midogo inayoupitia kwa nje. Mfereji mmoja ukiziba, nyama inayoutegemea huanza kuumia. Ndani ya nyama hiyo kuna protini iitwayo troponini, na kazi yake ni kusaidia moyo kujikunja. Seli ikiwa nzima, protini hiyo hubaki humo humo. Seli ikifa, inavuja na kuingia kwenye damu. Ila haivuji papo hapo. Kwa mashine kama yetu huchukua saa tatu hadi sita tangu maumivu yaanze ndipo ionekane, huzidi kupanda kwa muda wa karibu siku nzima, kisha hukaa kwenye damu wiki nzima au zaidi. Yeye alianza kuumwa saa mbili. Damu nilichukua saa nne. Nilikuwa nimepita shambani asubuhi mno.

(Sisi wa hospitalini bado tunasema "vimeng'enya vya moyo". Hiyo ni mazoea ya zamani, kwa sababu vipimo vya mwanzo vilipima vimeng'enya kweli. Troponini si kimeng'enya. Jina limebaki, kipimo kimebadilika.)

Akauliza swali ambalo sikulitegemea: "Sasa na ile karatasi? Hiyo si inasikiliza hapo hapo?"

Inasikiliza hapo hapo, ndiyo. Lakini inasikiliza sekunde chache tu, na mfereji unaweza kuziba nusu, ukaachia, ukaziba tena. Ukiipiga karatasi wakati umeachia, utapata mistari mizuri. Tena kuna upande wa nyuma wa moyo ambao vibandiko vya kawaida havifikii vizuri. ECG ikionyesha tatizo tunaiamini haraka. Isipoonyesha, tunamsikiliza mgonjwa kwanza, halafu tunarudia. Na maumivu yakirudi tunapima hapo hapo, hatungoji saa.

Alivua viatu. Hakusema kitu, alivua tu, akavipanga chini ya kitanda.

Saa nane usiku nilichukua damu tena, na karatasi nyingine. Safari hii sikuhitaji kuitazama mara mbili. Kila pigo la moyo kwenye karatasi lina kilima kidogo mwanzoni, mwiba mrefu katikati, kisha kilima cha mwisho kinachotokea moyo unapojitayarisha kwa pigo lingine. Kwenye mistari iliyoandikwa II, III na aVF, kilima cha mwisho kilikuwa kimepinduka, kimekuwa shimo. Mistari hiyo mitatu huutazama moyo kutoka chini. Kwingine kote vilima vilikuwa kama awali. Baada ya muda maabara wakaleta karatasi yao: 1.8. Kutoka 0.02 hadi 1.8 ndani ya saa nne.

Sasa kazi ya kueleza ikaanza upya. Mkewe alikuwa amefika, amekaa pembeni kajifunika khanga. Nikasema, "Kipimo cha damu kimesoma chanya."

Mama akashika mdomo. Mzee akanyanyuka kwenye mto. "Chanya? Binti, mimi ngoma nilipima mwaka huu, nikaambiwa niko safi."

Nilijilaumu. Kwa miongo kadhaa tumewafundisha watu kwamba jibu chanya ni la kitu kimoja tu, halafu tunalitumia kwa kila kipimo cha maabara bila kufikiri. Na ukilitazama lenyewe ni neno la kinyonga: chanya ni jema kwenye mawazo, baya kwenye damu. Hasi kinyume chake. Nikalifuta. Nikasema, "Si hiyo, mzee. Sahau hilo neno. Ile protini niliyokuambia, imevuja. Majani yamejikunja."

"Kwa hiyo ni nini?"

"Mshtuko wa moyo."

Nikateleza tena. Mama akamgeukia mwanawe: "Nani kamshtua baba yako? Mmemwambia nini huko shambani?" Kijana akaanza kujitetea, akaapa kuwa hakuna habari mbaya aliyompa. Ndivyo neno letu linavyofanya kazi. Mshtuko kwa Kiswahili una mshtuaji. Lazima kuwe na msiba, simu ya usiku, ugomvi wa mirathi. Nikawaambia hakuna aliyemshtua. Ni mfereji umeziba, kwa mafuta na uchafu uliojijenga taratibu, miaka ya sigara na presha isiyotulia, kisha damu ikaganda juu yake. Kijana akashusha mabega. Sidhani kama ningejua kuwa nimemtwisha lawama ile, lau mama asingeitamka.

Nilihitaji pia kusema kile ambacho vipimo havikusema. Troponini hupanda kwa sababu nyingine pia: figo zikifeli, damu ikiganda kwenye mapafu, moyo ukivimba kwa maambukizi. Ndiyo maana namba moja peke yake hainitoshi. Nilitaka kuiona ikipanda, nikataka ifuatane na maumivu na mistari iliyobadilika, na figo zake nilizipima zikawa nzuri. Yote matatu yalikwenda pamoja. Lakini ni mfereji upi hasa, na umeziba kiasi gani, karatasi yangu haiwezi kuapa. Kwa hilo ni lazima kuingiza mrija mwembamba kupitia mshipa wa mkononi au pajani hadi kwenye moyo, kazi inayofanyika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Hapa tungempa dawa za kuzuia damu isiendelee kuganda, na za kuupunguzia moyo mzigo, kisha rufaa.

"Kwa hiyo kile cha kwanza kilidanganya," mzee akasema.

"Hakikudanganya. Kilijibu swali la saa nne. Mimi ndiye niliyekisemea zaidi ya kilichosema."

Akanyamaza. Kisha nikamwomba kitu ambacho siku hizi namwomba kila mgonjwa: amweleze mkewe alichoelewa, mimi nisikilize. Nimegundua mgonjwa akiitikia "nimeelewa, daktari" hujui kitu. Akisimulia, unajua.

Akasema, "Mama nanihii, mfereji wa chini umeziba. Haujakatika kabisa. Kuna jaruba limeungua kidogo, hilo halirudi. Yaliyobaki ndiyo yanaokolewa sasa, kwa hizi dawa. Halafu tunakwenda Dar wakatazame penyewe palipoziba."

Akanigeukia. "Sivyo, binti?"

Ndivyo, isipokuwa neno moja. Alisema mfereji wa chini. Nikamrekebisha: ukuta wa chini ndio ulioumia. Mfereji wenyewe hatujauona bado.

"Sawa," akasema. "Ukuta wa chini." Akaomba azione karatasi zote mbili, ya saa tatu na ya saa nane. Nikaziweka sambamba juu ya shuka, nikamwonyesha kilima kilichogeuka shimo. Alikifuata kwa kidole, taratibu, mstari hadi mstari, na asubuhi nilipoandika rufaa alisisitiza zote mbili zitiwe kwenye bahasha. Alisema huko Dar wakipewa moja tu watamwambia yuko kawaida.